Doa la Damu, Ute wa Ukungu, Kiini cha Rangi Ngeni: Yai Lipi Liliwe na Lipi Litupwe

Mayai yanayouzwa Busia, pande zote mbili za mpaka, hupita mikono mingi kabla ya kufika jikoni. Mengine yametoka kwenye mabanda ya kuku wa kisasa huko ndani Uganda, mengine yameokotwa kwenye viota vya kuku wa kienyeji Buhehe, Masafu au Lumino, na yote hupangwa kwenye trei za 30 bila mtu kuandika tarehe ya kutagwa. Mnunuzi hajui anachokileta nyumbani mpaka apasue. Hapo ndipo hofu huanza: doa la damu limekaa juu ya kiini, au ute umejaa ukungu kama maji ya mchele, au kiini kimepauka karibu kuwa cheupe. Wengi hulimwaga yai hilo, na wengine humwaga bakuli zima. Hoja ya makala hii ni kwamba sehemu kubwa ya yale yanayotutisha yai linapopasuliwa hutueleza habari za kuku na chakula chake, na hayana madhara kwa mlaji; na kwamba lile linaloweza kumlaza mtu hospitalini mara nyingi halina rangi, halina doa wala harufu. Anayelinda familia yake kwa kutazama rangi peke yake hutupa chakula kizuri na kukaribisha kibaya.

Tuanze na damu, kwa kuwa ndiyo inayoogopwa zaidi. Kiini cha yai hukua ndani ya kifuko chembamba kwenye ovari ya kuku, na kifuko hicho kimezungukwa na mishipa midogo sana ya damu inayokilisha kiini. Kiini kikikomaa, kifuko hupasuka kwenye mstari usio na mishipa mingi, kiini hutoka na kuingia kwenye mrija, na katika muda wa siku moja hivi huvishwa ute, utando na ganda. Mara chache kifuko hupasuka pembeni kidogo ya mstari huo na mshipa mmoja hukatika. Tone la damu huganda juu ya kiini, na yai huendelea na safari yake kama kawaida. Ikiwa damu imetokea baadaye, ndani ya mrija, doa huonekana kwenye ute. Wakati mwingine doa ni la kahawia na limekaa kama kipande kidogo cha nyama: hiyo ni damu iliyobadilika rangi au kipande cha ngozi laini kilichobanduka ndani ya mrija, na hutokea zaidi kwa kuku wanaotaga mayai ya ganda la kahawia. Hakuna lolote kati ya haya lililo ugonjwa unaomfikia mlaji. Toa doa kwa ncha ya kisu ukipenda, pika yai liive, ule.

Kuna wanaosema kwamba damu ni dalili ya kifaranga aliyeanza kuumbika. Jambo hili linastahili jibu la makini, kwa sababu hapa kwetu lina nusu ya ukweli. Kuku wa banda asiye na jogoo hutaga mayai yenye madoa ya damu sawa na mwenye jogoo, kwa hiyo doa peke yake halithibitishi kifaranga. Lakini kuku wa kienyeji huishi na jogoo, mayai yake yana mbegu, na mbegu hiyo huanza kuamka joto likizidi nyuzi 21 hivi. Mchana wa Busia na Tororo hupita kiwango hicho kwa urahisi. Yai lililokaa chini ya kuku anayeatamia kwa siku 3 au 4 huwa na mishipa myembamba myekundu iliyotawanyika juu ya kiini kutoka kwenye kitovu kimoja, na kiinitete kikifa mapema mishipa hiyo hukusanyika ikawa pete ya damu kuzunguka kiini. Hii ndiyo tofauti ya kuitafuta. Tone au doa lisilo na umbo ni mshipa uliokatika. Utando wa mishipa au pete ni yai lililoanza kuatamiwa, na yai la namna hiyo litupwe, kwa kuwa limekaa kwenye joto ambalo bakteria nao hulipenda, na likiendelea kukaa ndilo linalokuwa yai viza. Kinga yake ni rahisi kuliko kulichunguza: mayai ya kienyeji yaokotwe kila siku, kiotani libaki yai moja tu la kumvutia kuku, tena lililowekwa alama ya mkaa ili lisije likachanganyika na yale mapya.

Mfugaji naye ana la kusoma kwenye damu hiyo. Doa moja katika trei kadhaa ni jambo la kawaida. Madoa yakizidi ghafla, aangalie chakula na dawa. Upungufu wa vitamini A na K huongeza madoa, na baadhi ya dawa za salfa zinazotibu ugonjwa wa kuhara damu huzuia kazi ya vitamini K, ile inayosaidia damu kuganda. Kuku wanaoshtuliwa na mbwa au kelele usiku, na wale wanaowashiwa taa bila kupumzika, pia huongeza madoa. Kwa hiyo mnunuzi anayekuta damu mara kwa mara kwa muuzaji mmoja hana sababu ya kuogopa doa lenyewe, ila ana sababu ya kuuliza kama kuku wanatumia dawa. Mayai ya kuku aliye kwenye dawa yaweza kuwa na mabaki yake, na muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye pakiti unapaswa kuisha kabla mayai hayajauzwa.

Ute wa ukungu una hadithi fupi zaidi, na ni habari njema. Yai linapotagwa, ute wake umebeba hewa ya kaboni dioksidi, na hewa hiyo ndiyo inayoufanya uonekane mweupe usiopenyeka vizuri kwa mwanga. Kadiri siku zinavyopita, hewa hutoka kupitia vitundu vya ganda, na ute huwa maji safi yanayoonekana hadi chini ya sahani. Basi yai la ukungu ni yai jipya, na ute mwangavu ni wa yai lililokaa kidogo. Nyuzi mbili nyeupe zilizojisokota pande za kiini, ambazo watu huzitoa kwa uma wakidhani ni uchafu, ndizo zinazokishikilia kiini katikati, na huonekana vizuri zaidi yai likiwa jipya. Rangi hafifu ya njano iliyoelekea kijani kwenye ute nayo hutokana na vitamini B2. Mtu anayemwaga ute wa ukungu na kuchagua ule wa maji anafanya kinyume cha anachokusudia.

Kwenye kiini ndipo Busia na Tororo zina la kusimulia, kwa kuwa rangi yake hutokana moja kwa moja na mimea na viwanda vya eneo hili. Kuku hawezi kutengeneza rangi ya njano mwilini mwake. Huipata kwenye mahindi ya njano, majani mabichi na maua ya baadhi ya mimea. Sisi hula mahindi meupe, na mahindi yanayovunjwa kwa ajili ya kuku ni hayo hayo meupe, kwa hiyo kuku wa bandani asiyepewa majani hutaga yai lenye kiini kilichopauka. Kuku wa kienyeji anayezunguka shambani akidonoa majani na wadudu hutaga kiini cha njano iliyokolea. Wengi huona rangi hiyo kama cheti cha afya, na muuzaji huongeza bei. Ukweli ni kwamba protini na mafuta ya mayai hayo mawili yanakaribiana sana, na mfugaji wa bandani anaweza kubadili rangi kwa wiki mbili au tatu akiwapa kuku wake sukuma wiki, majani ya viazi vitamu au mahindi ya njano. Kiini cheupe hakina ugonjwa, na cha rangi ya chungwa hakina kinga. Vivyo hivyo kiini chenye madoa madoa ya rangi mbili: mara nyingi husababishwa na umri, joto, au baadhi ya dawa za kuku kama nikabazini na zile za minyoo. Hapo pia la kuuliza ni dawa na muda wa kusubiri.

Tuchukue sasa chakula kimoja cha kuku jinsi kinavyoweza kuchanganywa Buhehe, tukifuate hadi kwenye sahani. Mfugaji mwenye kuku 50 anataka kuepuka gharama ya chakula cha dukani. Katika kilo 100 anaweka kilo 60 za mahindi meupe yaliyovunjwa, pumba, kilo 15 za mashudu ya pamba, kilo 10 za dagaa wa Ziwa Viktoria, wale ambao upande wa Uganda huitwa mukene na Kenya omena, na magamba ya konokono wa ziwani yaliyosagwa kwa ajili ya kalsiamu. Ni mchanganyiko unaoeleweka mahali hapa: pamba imelimwa pande zote mbili za mpaka kwa miaka mingi, kiwanda cha kuchambua pamba cha Mulwanda kiko upande wa Kenya huko Samia, na dagaa huvuliwa Majanji, karibu tu na Buhehe. Siku ya kwanza yai la kuku hawa lina ute mzuri na kiini kilichopauka. Hakuna wa kulalamika. Trei ikikaa wiki kadhaa kwenye duka lenye joto, mambo hubadilika. Kiini kinakuwa cha rangi ya zeituni au kahawia, ute unaingia waridi, na yai likikaangwa hutoa harufu ya samaki.

Mambo hayo matatu yana sababu tatu, na inafaa kuzijua. Mbegu ya pamba ina kitu kinachoitwa gosipoli, ambacho huingia kwenye kiini, hushikana na madini ya chuma yaliyomo, na yai likikaa hutoa rangi hiyo ya zeituni. Mafuta yanayobaki kwenye mashudu yana asidi za aina ya pekee zinazodhoofisha utando unaokizunguka kiini. Utando ukidhoofika, chuma huvuja kwenda kwenye ute, hukutana na protini yake moja na kutoa rangi ya waridi. Watafiti wa California walilifuatilia tatizo hili miaka ya 1930, wafanyabiashara walipokuta mayai yaliyohifadhiwa ghalani yamegeuka, na wakaonyesha kwamba hata magugu ya jamii ya pamba yakiliwa na kuku huleta ute wa waridi. Harufu ya samaki nayo hutoka kwenye dagaa wengi mno, hasa kwa baadhi ya kuku wa mayai ya kahawia ambao kwa kurithi hawawezi kuvunja vizuri kemikali yenye harufu hiyo. Dawa ya yote matatu iko kwa mfugaji: aondoe mashudu ya pamba kabisa kwenye chakula cha kuku wa mayai na kuweka ya alizeti au soya, apunguze dagaa, na aongeze majani. Rangi na harufu zitaondoka taratibu, kwa kuwa viini vilivyokwisha kuanza kukua bado vimebeba chakula cha zamani.

Msomaji mwangalifu ataona hapa ugumu. Ikiwa ute wa waridi waweza kuletwa na mashudu, basi nao ni wa kula? Jibu ni hapana, na sababu yake ndiyo inayoonyesha mpaka wa hoja yote hii. Wako bakteria wa uozo wanaoingia kupitia ganda lililolowa au kupasuka, nao hutoa rangi ya waridi, ya kijani kibichi au ya kumeta kwenye ute. Uozo wa namna hiyo mwanzoni huwa na harufu ndogo sana, pengine hata usinuke. Mtu aliyesimama jikoni hawezi kujua kama waridi anaouona umetoka kiwandani kwa pamba au kwa bakteria. Penye sababu mbili zisizotofautishika, moja ikiwa ya hatari, yai hutupwa. Hili halifanani na doa la damu, ambalo lina sababu moja inayojulikana na isiyo na madhara. Kwa hiyo orodha ya rangi za kutupa ni fupi sana: ute wa waridi, wa kijani kibichi au unaometa, weusi au ukungu wa kuvu popote ndani ya yai au ndani ya ganda, na kiini cheusi au kijani kilichovurugika pamoja na ute. Ongeza hapo harufu ya uozo, ile kali ya salfa ambayo hakuna anayeikosea. Harufu ya samaki peke yake kwenye yai lenye ute safi ni ya chakula cha kuku, na yai hilo huliwa na asiyekerwa nayo.

Sasa tuje kwenye hatari isiyoonekana. Salmonela anaweza kuwa juu ya ganda, kwenye kinyesi kilichokauka, na aina yake moja huweza kuingia ndani ya yai kutoka kwenye mwili wa kuku kabla ganda halijaumbwa. Yai hilo huwa na ganda zima, ute mzuri, kiini cha duara na harufu ya kawaida. Uingereza ililijua hili kwa uchungu. Desemba 1988 waziri mdogo wa afya, Edwina Currie, alitangaza kwamba mayai mengi ya nchi hiyo yalikuwa na salmonela. Mauzo yakaporomoka naye akajiuzulu mwezi huo huo. Ingawa alitia chumvi kuhusu wingi wake, ugonjwa wenyewe ulikuwepo, na hakuna mpishi aliyeweza kuyatambua mayai hayo kwa macho. Kilichosaidia ni kuchanja kuku, na ilipofika 2017 mamlaka ya chakula ya huko iliruhusu hata wajawazito kula mayai yasiyoiva, mradi yametoka kwenye mashamba yaliyo chini ya mpango wa chanjo hiyo na yamepigwa muhuri. Trei ya Busia haina muhuri wa namna hiyo. Hapa kinga yetu ni moto.

Joto na muda ndivyo vinavyoamua kama bakteria wachache watabaki wachache. Ute wa yai jipya huwanyima chakula, hasa madini ya chuma, na kiini chenye utajiri wote kimefungwa ndani ya utando wake. Utando huo ukichoka, chakula huvuja na bakteria huongezeka haraka. Majaribio yaliyofanywa Uingereza yalionyesha kwamba kwenye nyuzi 20 yai huweza kukaa kama wiki 3 kabla hali hiyo haijafika, lakini kwenye nyuzi 30 ni suala la siku. Kwa hiyo yai lililokaa juani kwenye meza ya sokoni Sofia au Marachi limezeeka zaidi kuliko lililotagwa siku ile ile na kuhifadhiwa mahali pa baridi. Dalili ya uzee huo iko kwenye sahani: kiini kilichotandaa na kupasuka kwa kuguswa, na ute uliokimbia kama maji. Ishara hiyo haimaanishi sumu, ila inamwambia mpishi kwamba yai hili halifai kuachwa laini. Kwa nyumba isiyo na friji, wiki mbili tangu kutagwa ni kipimo cha busara, mayai yakiwa kivulini, ncha nyembamba ikitazama chini.

Ganda lililopasuka lina uzito zaidi kuliko doa lolote la damu. Barabara ni mbovu, trei hufungwa juu ya bodaboda, na mayai yaliyotiwa ufa huuzwa kwa bei ya chini kwa wenye vibanda vya chapati. Ufa ni mlango. Yai lililopasuka nyumbani mbele ya macho yako lipikwe hapo hapo. Lililopasuka sokoni, lisilojulikana tangu lini, lisinunuliwe hata kama kiini chake kinang'aa. Kuosha mayai kwa maji baridi nako ni kosa la kawaida: yai lenye joto likitiwa kwenye maji baridi husinyaa ndani na kuvuta maji, pamoja na uchafu wake, kupitia vitundu vya ganda, na kusugua huondoa utando unaoviziba. Uchafu ufutwe kwa kitambaa kikavu. Ikibidi kuosha, iwe kabla tu ya kupika, kwa maji yenye joto kupita yai.

Yapo mabishano yanayobaki. La kwanza ni kwamba kutupa ni salama zaidi kuliko kubahatisha: yai moja ni nini? Neno hili lingekuwa na nguvu kama kutupa kwa rangi kungepunguza ugonjwa. Hakupunguzi. Mama anayemwaga yai lenye damu kisha akampa mtoto lile safi likiwa nusu-bichi hajapunguza hatari hata kidogo, na ameongeza matumaini ya uongo. Kijana anayepiga mayai mabichi ndani ya maziwa au soda ili apate nguvu hujiona salama kwa kuwa aliyakagua. Ukaguzi wa macho haukumwona salmonela. Pia mahali ambapo yai ndilo protini ya bei nafuu kwa mtoto, yai jema lililotupwa lina hesabu yake.

La pili ni kipimo cha maji: yai linalozama ni zima, linaloelea ni bovu. Kipimo hiki hupima chumba cha hewa, ambacho hukua yai likipoteza maji. Linaloelea ni zee, na huenda likawa bovu, kwa hiyo lipasuliwe peke yake na kunuswa. Lakini kuzama hakuthibitishi usalama, kwa sababu yai jipya lenye salmonela nalo huzama. Afadhali kuliko maji ni mwanga. Toboa kijisanduku cha karatasi tundu dogo kuliko yai, weka tochi ya simu ndani, zima taa na usimamishe yai juu ya tundu. Utaona chumba cha hewa, mishipa kama imeanza, na yai viza litaonekana jeusi lote. Ganda la kahawia huficha madoa madogo ya damu, na hilo halina madhara.

La tatu linatoka kwenye dini. Muislamu anayeepuka damu, au mtu wa imani nyingine mwenye mwiko kama huo, ana haki ya kuondoa doa au kuliacha yai, na swali hilo ni la shekhe au kiongozi wake. Makala hii inazungumzia afya, na kiafya doa halidhuru. Haimwambii mtu avunje mwiko wake. La nne ni sumukuvu, ambayo watu wa mpakani wanaikumbuka tangu Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili yake. Mahindi yenye kuvu hulishwa kuku, na kiasi kidogo cha sumu chaweza kupita hadi kwenye yai. Lakini hakibadili rangi ya kiini, hakileti damu, na moto wa jikoni hauiondoi. Hofu hiyo ni ya haki, na mahali pake ni kwenye gunia la chakula cha kuku kabla ya kuku kula.

Inabaki kusema jinsi ya kufanya, na ni machache. Pasua kila yai kwenye kikombe kidogo peke yake kabla ya kulitia kwenye bakuli la unga wa keki au la roleksi. Ndiyo njia pekee ya kuzuia yai moja viza lisiharibu kumi. Tazama ute kwanza, kisha nusa. Waridi, kijani, weusi, kuvu, uozo, mishipa au pete: tupa, osha kikombe na mikono kwa sabuni. Doa la damu, kipande cha kahawia, ute wa ukungu, kiini cheupe, cha chungwa au chenye madoa: endelea. Kiini cha zeituni chenye ute safi hakina sumu ya kumdhuru mlaji, ila kitakuonyesha kwamba yai limekaa muda mrefu, na umuulize muuzaji anawalisha nini kuku wake. Kisha pika mpaka ute na kiini vigande vyote, bila ubaguzi kwa watoto wadogo, wajawazito, wazee na wagonjwa. Roleksi ina hila yake: chapati huweza kukauka nje huku yai likiwa bado linateleza ndani, kwa hiyo ligeuze lishike pande zote kabla ya kukunja.

Kwa anayechemsha mayai ya kuuza kituoni, mambo mawili yanatosha. Pete ya kijani inayozunguka kiini, ambayo wateja hulalamikia, hutokana na kuchemsha mno, salfa ya ute ikikutana na chuma cha kiini. Dakika 10 hadi 12 kisha kupoza huizuia, na hata ikiwepo haina madhara. Jambo la pili ni zito zaidi. Yai lililochemshwa limepoteza kinga yake ya nje, na likipozwa kwa maji machafu huyavuta ndani. Lipozwe kwa maji safi, liachwe ndani ya ganda hadi mteja afike, mikono na kachumbari viwe safi, na yaliyokaa kwenye joto zaidi ya saa mbili yasirudishwe sokoni kesho yake. Mteja anayekataa yai kwa sababu ya pete ya kijani, kisha akachukua lililomenywa tangu asubuhi likikaa wazi kwenye ndoo, amechagua vibaya. Amwombe muuzaji ammenyee lile lenye ganda.